Kwa nini etheni ni bapa na haizunguki: obitali chotara, bondi za sigma na bondi ya pai, hatua kwa hatua

Kila mwaka ninaposahihisha majibu ya kidato cha tano nakutana na sentensi ile ile: "Etheni ni bapa kwa sababu kaboni zake zina haibridaizesheni ya sp²." Anayeiandika hupewa alama, na hajasema uongo, lakini ameishia katikati ya njia. Hiyo sp² inaeleza kwa nini kila kaboni, ikitazamwa peke yake, ina bondi tatu zilizolala kwenye uso mmoja. Haielezi kwa nini uso wa kaboni ya kushoto na uso wa kaboni ya kulia ni uso ule ule. Mbao mbili bapa zinaweza kuungwa kwa mti mmoja, moja ikiwa imelala na nyingine imesimama. Kila ubao ni bapa, ila kitu kizima si bapa.

Mwongozo huu unaifuata molekuli moja tu, etheni, C₂H₄, kuanzia elektroni za kaboni hadi mahali ambapo jibu linakamilika. Etheni ni ile gesi ambayo matunda huitoa yanapoiva, ndiyo maana ndizi zilizovundikwa pamoja huiva mapema kuliko zilizoachwa wazi. Ukiielewa etheni vizuri, molekuli nyingine zenye bondi maradufu hazitakusumbua sana.

## Hatua ya 1: Hesabu elektroni kabla ya kuchora chochote

Kaboni ina elektroni sita, na mpangilio wake ni 1s² 2s² 2p². Mbili za ndani tuziache, hazishiriki. Za nje ni nne: mbili zimekaa pamoja kwenye obitali 2s, na mbili zimekaa moja moja kwenye obitali mbili za 2p. Obitali ya tatu ya 2p iko tupu.

Ukiutazama mpangilio huo kama ulivyo, utatarajia kaboni itengeneze bondi mbili tu, kwa sababu elektroni zisizo na mwenza ni mbili. Lakini kaboni hutengeneza nne. Maelezo ya kawaida ni kwamba elektroni moja ya 2s inapandishwa hadi kwenye ile 2p iliyo tupu, na sasa kuna nne zisizo na mwenza: moja kwenye 2s na tatu kwenye 2p. Kupandisha huko kunagharimu nishati ya kilojuli 400 hivi kwa moli. Gharama hiyo inarudi yote na faida juu yake, kwa kuwa kaboni inapata nafasi ya bondi mbili zaidi, na kila bondi ya C–H pekee inatoa kilojuli 410 hivi kwa moli inapoundwa.

Sasa hesabu ya molekuli nzima. Kaboni mbili zinaleta elektroni nne nne, haidrojeni nne zinaleta moja moja, jumla 12. Iandike pembeni ya karatasi namba hiyo 12, maana tutairudia kuhakikisha hatujapoteza elektroni njiani.

## Hatua ya 2: Changanya obitali, na uangalie kwa makini ile inayobaki

Obitali 2s ni duara kama chungwa, haielekei upande wowote. Obitali za 2p ni tatu, na kila moja inafanana na maputo mawili yaliyofungwa fundo kwa fundo, na kiini kikiwa kwenye fundo. Moja imelala kwenye mhimili wa x, ya pili kwenye y, ya tatu kwenye z, na zote zinapishana kwa nyuzi 90.

Wakulima wanajua mahindi chotara: unavusha mbegu mbili zenye sifa tofauti, unapata mbegu iliyobeba sifa za pande zote mbili. Obitali chotara ni wazo hilo hilo. Unachanganya s moja na p kadhaa, unapata obitali mpya zinazofanana kabisa. Kanuni moja haivunjwi kamwe: idadi ya obitali zinazotoka ni sawa na idadi ya zilizoingia. Ukiingiza tatu, zinatoka tatu.

Utajuaje uchanganye ngapi? Hesabu atomu ambazo kaboni imeungana nazo moja kwa moja, uongeze jozi za elektroni zisizo kwenye bondi kama zipo. Ukipata nne, changanya s na p zote tatu, upate sp³. Ukipata tatu, changanya s na p mbili, upate sp². Ukipata mbili, changanya s na p moja, upate sp. Kaboni ya etheni imeungana na haidrojeni mbili na kaboni moja, jumla tatu. Kwa hiyo ni sp².

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopita mbio, nami naomba usimame. Tuseme tumechanganya s, px na py. Ile s haina uelekeo wowote wa kuchangia. Zile px na py zote zimelala kwenye uso wa xy, kwa hiyo chochote kinachotokana na mchanganyiko wao lazima kilale kwenye uso huo huo, kwa kuwa hakuna kilichoingia chenye uelekeo wa juu au wa chini. Obitali chotara tatu zinagawana uso huo kwa usawa, na nyuzi 360 zikigawanywa kwa tatu ni nyuzi 120.

Ile pz haikuguswa. Bado imesimama wima, nusu yake ya juu iko juu ya uso na nusu ya chini iko chini ya uso, na inapishana kwa nyuzi 90 na obitali chotara zote tatu kwa pamoja. Ndani yake kuna elektroni moja. Ukiwa na kalamu za rangi, ipake pz rangi yake ya pekee, kwa sababu kuanzia hapa ndiyo inayoamua kila kitu.

Neno moja la uaminifu. Atomu ya kaboni haikai chini ikapandisha elektroni, kisha ikachanganya, kisha ikaungana. Hatua hizi ni zetu sisi, ni namna ya kuhesabu inayotufikisha kwenye umbo sahihi. Linus Pauling alipochapisha wazo la obitali chotara mwaka 1931, alikuwa akijibu swali hilo hilo: vipi obitali zinazopishana kwa nyuzi 90 zizae molekuli zenye pembe tofauti na hiyo?

## Hatua ya 3: Jenga bondi za sigma

Bondi ya sigma ni bondi inayotokea obitali mbili zinapokutana uso kwa uso, wingu la elektroni likikaa moja kwa moja kati ya viini viwili, kwenye mstari unaoviunganisha. Kila kaboni ya etheni inatumia obitali chotara mbili kukutana na 1s za haidrojeni zake mbili, na ile ya tatu kukutana na obitali chotara ya kaboni mwenzake. Zihesabu: bondi nne za C–H na moja ya C–C, jumla bondi tano za sigma, elektroni 10.

Sifa ya sigma unayotakiwa kuishika ni kwamba wingu lake limeuzunguka mstari wa bondi kwa usawa pande zote, kama maganda ya muwa. Shika muwa uusokote mkononi: hakuna upande utakaosema huu ni wa juu na huu ni wa chini. Vivyo hivyo, ukiizungusha kaboni moja huku nyingine imetulia, kuingiliana kwa obitali mbili za sigma hakupungui hata chembe. Sigma yenyewe haizuii mzunguko.

Ushahidi wa jambo hili ni ethani, C₂H₆, ambayo kaboni zake zimeungwa kwa sigma peke yake. Kizuizi chake cha mzunguko ni kilojuli 12 tu kwa moli, na hicho kidogo kinatokana na bondi za C–H za pande mbili kutopenda kusimama zikitazamana. Katika joto la kawaida molekuli za ethani zinakivuka mabilioni ya mara kwa sekunde.

Kwa hiyo tukisimama hapa, tukiwa na sp² na sigma tano, tumepata vipande viwili vya CH₂, kila kimoja bapa, vilivyoungwa kwa kiungo kinachozunguka. Hakuna chochote kilichosema kwamba lazima vilale kwenye uso mmoja. Mwanafunzi anayeishia kwenye sp² ameishia hapa.

## Hatua ya 4: Jenga bondi ya pai, na jibu litakuja lenyewe

Kila kaboni imebakiwa na pz moja yenye elektroni moja. Pz hizi mbili zimesimama bega kwa bega, na zikiwa sambamba, nusu ya juu ya moja inaingiliana na nusu ya juu ya mwenzake, na ya chini na ya chini. Kuingiliana huku kwa ubavu ndiko bondi ya pai. Elektroni mbili zinakaa ndani yake, na hesabu yetu inatimia: 10 za sigma na 2 za pai ni 12.

Kosa linalojirudia sana ni kuhesabu wingu la juu kuwa bondi moja na wingu la chini kuwa bondi ya pili. La hasha. Yote mawili ni bondi moja ya pai, kama vile nusu mbili za p ni obitali moja. Na kwenye mstari wenyewe unaounganisha viini, wingu la pai halipo kabisa. Hapo pana sigma peke yake.

Sasa fuatilia. Ili pai iwepo, pz mbili lazima ziwe sambamba. Lakini kila pz imesimama wima juu ya uso wa bondi tatu za kaboni yake. Mistari miwili ikiwa sambamba, nyuso zilizo wima kwake nazo zinakuwa sambamba. Na kwa kuwa nyuso zetu mbili zinachangia bondi ya C–C, haziwezi kuwa sambamba zikiwa zimeachana. Ni uso mmoja. Atomu zote sita zimelala humo.

Ndiyo maana nasema ubapa wa etheni na kutozunguka kwake si mambo mawili yanayohitaji maelezo mawili. Pai inaipanga molekuli iwe bapa, na pai hiyo hiyo inakataa molekuli isiuache ubapa huo. Ukizungusha kaboni moja kwa pembe fulani, kuingiliana kwa pz kunapungua kwa kufuata kosaini ya pembe hiyo. Kwa nyuzi 30 kunabaki asilimia 87, kwa nyuzi 60 kunabaki nusu, na kwa nyuzi 90 hakuna kitu: pz moja imesimama, nyingine imelala, na pai imekatika.

Erich Hückel alieleza bondi maradufu kwa njia hii ya sigma na pai mwaka 1930. Lakini wanakemia walishajua kwamba bondi hii haizunguki miongo mingi kabla hawajajua elektroni ni nini. Jacobus Henricus van 't Hoff aliliandika jambo hilo mwaka 1874, kwa kutazama tu idadi ya isoma zinazopatikana. Tutaiona njia yake mbele kidogo.

## Hatua ya 5: Ijenge kwa viazi na mishikaki

Mchoro wa ubaoni hauonyeshi mzunguko. Nimeona wanafunzi wakielewa kwa dakika kumi za viazi kilichowashinda kwa wiki mbili za kunakili. Tafuta viazi viwili vidogo vya mviringo, vijiti vitano vya meno, vijiti viwili vya mishikaki na mipira miwili ya kufungia noti.

Chukua kiazi kimoja, ukichome vijiti viwili vya meno kwenye mzingo wake wa katikati, ukiacha nafasi ya kijiti cha tatu, ili vitatu vigawane mzingo kwa nafasi sawa. Fanya hivyo kwa kiazi cha pili. Kijiti cha tatu, kile kimoja cha pamoja, kichome kwenye viazi vyote viwili kiviunganishe. Hizo ndizo sigma tano. Sasa shika kiazi kimoja, zungusha kingine. Kinazunguka bila shida, nusu moja ikiwa imelala na nyingine imesimama.

Kisha toboa kila kiazi kwa kijiti cha mshikaki kupitia katikati, kikiwa wima kwa vijiti vyake vyote vitatu, kitokeze juu na chini. Hizo ni pz. Panga mishikaki iwe sambamba, funga mpira mmoja kuunganisha ncha za juu na mwingine kuunganisha ncha za chini. Mipira yote miwili kwa pamoja ni bondi moja ya pai. Sasa tazama vijiti vya meno: vyote vimelala kwenye uso mmoja, hukuvipanga wewe, mishikaki ndiyo iliyovipanga. Jaribu kuzungusha kiazi kimoja, utasikia mipira ikikataa.

Mfano huu una kasoro moja ambayo lazima uitaje darasani. Mpira hukaza zaidi kadiri unavyovutwa, ilhali pai hulegea kadiri unavyoizungusha hadi inakatika kabisa kwa nyuzi 90. Molekuli hairudi kwa sababu inavutwa, inarudi kwa sababu nishati yake ni ndogo ikiwa na pai kuliko ikiwa haina.

## Hatua ya 6: Kizuizi kina ukubwa gani?

Neno "haizunguki" linahitaji namba, la sivyo linabaki kuwa amri ya mwalimu. Bondi ya C–C ya kawaida ina nishati ya kilojuli 347 hivi kwa moli, na C=C ina 612 hivi. Toa: 612 − 347 = 265. Hiyo ni takribani thamani ya pai peke yake. Ni takribani tu, kwa sababu sigma ya etheni ni fupi na imara kidogo kuliko ya ethani. Kumbuka pia kwamba pai ni dhaifu kuliko sigma, kwa kuwa kuingiliana kwa ubavu ni kudogo kuliko kwa uso kwa uso. Anayeandika kwamba C=C ina nguvu mara mbili ya C–C hakuzitazama hizo namba.

Sasa linganisha na kizuizi halisi cha mzunguko wa etheni: kilojuli 272 hivi kwa moli. Zinakaribiana sana, na si kwa bahati. Kuizungusha etheni hadi nyuzi 90 maana yake ni kuikata pai, basi gharama ya kuzungusha ndiyo thamani ya pai.

Je, joto la kawaida linaweza kulipa gharama hiyo? Makadirio mazuri ya mara ngapi kwa sekunde molekuli inavuka kizuizi E katika sentigredi 25 ni haya:

```
mara kwa sekunde ≈ 6 × 10^12 × e^(−E/RT)
RT = 2.48 kJ/mol

ethani:  E = 12    →  5 × 10^10
etheni:  E = 272   →  10^−35
```

Ethani inavuka mara bilioni 50 kwa sekunde. Etheni ingehitaji sekunde 10³⁵ kuvuka mara moja, na umri wote wa ulimwengu ni sekunde zisizofika 10¹⁸. Lakini ongeza joto hadi sentigredi 500, hesabu ile ile itakupa mara moja kwa siku tano hivi. Kwa hiyo kusema mzunguko "umezuiwa" ni sahihi, na kusema "hauwezekani" si sahihi. Kwenye mtihani andika "umezuiwa" na uongeze sababu: kuzunguka kunahitaji kuikata bondi ya pai.

## Hatua ya 7: Hakikisha kwa vipimo

Mtu asiyekuamini unamwonyesha nini? Anza na pembe. Katika etheni, pembe ya H–C–H imepimwa kuwa nyuzi 117.4, na ya H–C–C nyuzi 121.3. Si 120 kamili, kwa kuwa bondi za kaboni moja hazifanani zote: elektroni ziko nyingi zaidi upande wa bondi maradufu, nazo zinazisukuma C–H zisogeleane kidogo. Lakini jumlisha pembe tatu zinazozunguka kaboni moja: 117.4 + 121.3 + 121.3 = 360. Bondi tatu zikijumlisha 360 zimelala bapa. Kwenye methani, pembe tatu zozote zinazokutana kwenye bondi tatu zinajumlisha 328.5, na huo ni mwinuko wa piramidi.

Urefu nao unasema. C–C ya ethani ni pikomita 154, C=C ya etheni ni 134. Pai imevivuta viini karibu zaidi.

Ila pembe za kaboni moja zinathibitisha ubapa wa kila nusu tu. Kuhusu nusu mbili kuwa kwenye uso mmoja, ushahidi ninaoupenda ni wa isoma. Badilisha haidrojeni moja ya kila kaboni iwe klorini, upate 1,2-dikloroetheni, CHCl=CHCl. Fikiria uwezekano wa aina tatu. Kama bondi ingezunguka kwa uhuru, tungepata dutu moja tu. Kama nusu mbili zingekuwa zimekwama kwa nyuzi 90, tungepata molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na hizo huchemka kwa joto lile lile. Kama zimekwama kwenye uso mmoja, tutapata dutu mbili tofauti kweli: moja klorini zote ziko upande mmoja, nyingine ziko pande zinazopingana.

Maabara inatupa la tatu. Isoma ya sis inachemka kwenye sentigredi 60, ya trans kwenye sentigredi 48 hivi, na unaweza kuzitenganisha kwa kukeneka. Sis ina ncha za umeme kwa sababu klorini zake zinavuta upande mmoja. Trans haina kabisa, kwa sababu mivuto miwili inapingana na kufutana, jambo linalowezekana tu kama molekuli ni bapa. Van 't Hoff alitumia hoja ya namna hii kwa asidi ya maleiki na asidi ya fumariki, ambazo zina fomula moja na sifa mbalimbali. Ukiipasha moto asidi ya maleiki, vikundi vyake viwili vya asidi vilivyo upande mmoja vinatoa maji na kufunga pete kwa urahisi. Fumariki inapinga, kwa sababu vikundi vyake havifikiani.

Angalia lakini usione sis na trans kila penye bondi maradufu. Kila kaboni ya bondi hiyo lazima iwe imebeba vikundi viwili visivyofanana. Buteni-2, CH₃CH=CHCH₃, inazo. Buteni-1 haina, kwa kuwa kaboni yake ya mwisho ina haidrojeni mbili, na ukizibadilishana nafasi hujabadilisha kitu.

## Hatua ya 8: Jipime kwa molekuli inayofichua aliyekariri

Sasa chukua aleni, CH₂=C=CH₂. Je, ni bapa? Aliyekariri kwamba bondi maradufu huleta ubapa atasema ndiyo. Twende kwa hatua zetu. Kaboni za pembeni zimeungana na atomu tatu, basi ni sp², kila moja imebakiwa na p moja. Kaboni ya kati imeungana na atomu mbili tu, basi ni sp, nayo imebakiwa na p mbili, na hizo mbili zinapishana kwa nyuzi 90. Ile iliyosimama inatengeneza pai na kaboni ya kushoto. Ile iliyolala inatengeneza pai na kaboni ya kulia. Kwa hiyo p ya kushoto imesimama na p ya kulia imelala, na nyuso za CH₂ zilizo wima kwake nazo zinapishana kwa nyuzi 90. Aleni si bapa. Zile mbao mbili nilizozitaja mwanzoni, moja imelala na moja imesimama, ni aleni yenyewe, na kila kaboni yake ya pembeni ni sp² kama ya etheni. Ndiyo maana sp² peke yake haitoshi kuwa jibu.

Jibu kamili la mtihani, basi, ningeliandika hivi: kila kaboni ya etheni ni sp², kwa hiyo bondi zake tatu za sigma zimelala kwenye uso mmoja kwa pembe za karibu nyuzi 120. Obitali p iliyobaki kwenye kila kaboni iko wima kwa uso huo. Obitali hizo mbili zinaingiliana kwa ubavu kutengeneza bondi ya pai, na zinaweza kufanya hivyo vizuri zikiwa sambamba tu, hivyo atomu zote sita zinalala kwenye uso mmoja. Kuzungusha bondi ya C=C kungeharibu usambamba huo na kuikata pai, jambo linalohitaji kilojuli 270 hivi kwa moli, kwa hiyo mzunguko umezuiwa katika joto la kawaida.

Nimebakiza jambo moja ambalo huulizwa na wanafunzi wadadisi. Kama kuikata pai ni ghali hivyo, je, hakuna njia isipokuwa tanuri? Ipo, nayo ni mwanga. Mwanga ukiirusha elektroni moja ya pai kwenda kwenye obitali ya juu inayopinga bondi, pai inapoteza nguvu yake, na etheni iliyo katika hali hiyo hupenda kujizungusha kuelekea nyuzi 90. Mwili wako unaitumia njia hiyo unaposoma mstari huu. Nyuma ya jicho kuna retinali, inayotengenezwa kutokana na vitamini A, ile tunayoipata kwenye karoti na mboga za majani. Ni mnyororo wenye bondi maradufu kadhaa, na moja yao, ya kaboni ya 11, imekaa kwa namna ya sis. Chembe moja ya mwanga ikiigonga, pai hiyo inalegea, mnyororo unazunguka ukawa trans, na umbo hilo jipya linausukuma mfumo wa neva kupeleka habari kwenye ubongo. Mzunguko ambao etheni ingeusubiri kwa muda unaoushinda umri wa ulimwengu, kwenye jicho unakamilika ndani ya femtosekunde 200 hivi.